Maziwa ya mtoto safarini: kutoka friji ya Mombasa hadi Uingereza bila kuharibika wala kuzuiwa kwenye ukaguzi

Mama anayesafiri na mtoto mchanga huwa na hofu mbili. Ya kwanza ni ya askari wa kiwanja cha ndege, kwamba atayatoa maziwa yote na kuyatupa. Ya pili ni ya joto, kwamba maziwa yatachacha njiani. Wengi huiogopa zaidi ile ya kwanza, na hapo ndipo hesabu huanza kwenda mrama. Askari mara nyingi huelewana nawe ukijiandaa, lakini joto la Mombasa la mwezi wa Februari, linalofika nyuzi 32 au 33 kivulini, halielewani na mtu. Kwa hiyo safari ya maziwa hupangwa kwa saa za maziwa kwanza, kisha vituo vya ukaguzi huingizwa ndani ya saa hizo.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Mama anaishi Bamburi, ana mtoto wa miezi mitano aliyezaliwa kwa wakati na mwenye afya. Amesharudi kazini, mtoto amezoea chupa na titi halitaki tena, kwa hiyo mama hukamua kwa pampu na kujazia na maziwa ya kopo. Anakwenda kwa dada yake Uingereza. Atapanda treni ya alasiri pale stesheni ya Miritini, ashukie Syokimau, Nairobi, usiku, aende kiwanja cha ndege cha JKIA, apande ndege ya saa saba usiku, aunganishe Doha, kisha London. Tangu kufunga mlango wa nyumba saa sita mchana mpaka kufika kwa dada yake ni kama saa 30. Mtoto wa umri huo hunywa takriban mililita 120 kila baada ya saa tatu hivi, usiku kwa nafasi ndefu kidogo.

Ikiwa wako ananyonya titi vizuri, soma kwa ajili ya akiba tu. Titi halipiti kwenye skana, na maziwa yake yako kwenye joto sahihi saa zote.

Kanuni mbili zinazopingana

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hubebwa yakiwa baridi. Maziwa ya kopo hubebwa yakiwa unga mkavu, hayachanganywi mpaka dakika ya kunywa. Ukizichanganya kanuni hizi ndipo mtoto anaishia kuharisha angani.

Maziwa ya mama yana kinga zake, ndiyo maana huvumilia kidogo. Yakiwa yamekamuliwa sasa hivi hukaa nje ya friji mpaka saa nne, lakini kipimo hicho kimewekewa chumba cha nyuzi 25 au chini yake. Chumba chetu cha Kisauni au Likoni hakiko hivyo mchana, kwa hiyo mimi huhesabu saa mbili na kuishia hapo. Ndani ya friji ya nyuzi 4 hukaa siku nne. Ndani ya mkoba wa baridi wenye pakiti za barafu zilizoganda vizuri hukaa saa 24. Yaliyogandishwa yakishayeyuka kabisa yana siku moja tu ndani ya friji, na hayarudishwi kwenye friza.

Maziwa ya kopo hayana kinga yoyote. Tena unga wenyewe, hata kopo likiwa jipya na limefungwa, hautoki kiwandani ukiwa hauna vijidudu kabisa. Unaweza kuwa na bakteria aitwaye kronobakta, au salmonela. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani pamoja na lile la Chakula na Kilimo, FAO, katika mwongozo wao wa mwaka 2007, walisema unga uchanganywe na maji yasiyopungua nyuzi 70, kwa sababu moto huo ndio unaowaua. Baada ya hapo chupa ipozwe haraka na inywewe ndani ya saa mbili. Mtoto akishaanza kuinywa, isizidi saa moja, kwa kuwa mate yake yameshaingia humo.

Sasa kuna jambo linalofanywa na watu wengi wema, na bibi yake mtoto ndiye atakayelipendekeza: koroga maziwa ya kopo asubuhi, yatie kwenye chupa ya chai, yatakaa moto mpaka Nairobi. Hapana. Chupa ya chai haiyaweki maziwa kwenye moto wa kuua vijidudu kwa muda wote huo. Huyashusha polepole hadi nyuzi 50, 45, 40, na hapo ndipo bakteria anapopenda kuzaana, kwa saa nyingi, ndani ya chakula chenye sukari na protini. Ladha haitabadilika na harufu haitabadilika. Chupa ya chai ni ya maji matupu, basi. Mwambie bibi kwa adabu kwamba daktari ndiye aliyekataza, mambo yaishe.

Neno kuhusu makopo yanayoandikwa kwamba yachanganywe na maji ya uvuguvugu, kwa sababu yametiwa bakteria wazuri wanaokufa kwa moto. Kama kopo lako ni la aina hiyo, muulize muuguzi wa kliniki kabla ya safari. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili au aliyezaliwa njiti, swali hilo ni la lazima.

Siku mbili kabla: barafu

Pakiti za barafu za jeli huhitaji karibu siku nzima ndani ya friza ili zigande mpaka kati. Ukiziweka usiku wa kuamkia safari, zitakuwa ngumu nje na laini ndani, na zitaisha mapema. Ziweke siku mbili kabla, na usizibananishe, hewa baridi ipite katikati.

Stima ndiyo adui hapa. Weka kikombe cha maji kwenye friza, kikiganda weka sarafu juu ya barafu. Siku ya safari, sarafu ikiwa bado juu, friza haikuyeyuka. Ukiikuta imezama, stima ilipotea kwa muda mrefu ukiwa kazini au umelala, barafu ikayeyuka ikaganda tena. Kwa pakiti za jeli hilo halina hasara kubwa ikiwa sasa ni ngumu. Kwa maziwa yaliyokuwa humo, yale yaliyoyeyuka kabisa hayabebwi.

Je, uyagandishe maziwa au uyabebe yakiwa ya friji? Kwa safari ambayo maziwa yatanywewa yote njiani, nachagua ya friji, yaliyokamuliwa ndani ya siku mbili za mwisho. Yaliyoganda yana faida ya kujipoza yenyewe, lakini yakianza kuyeyuka yana saa yake fupi, huwezi kumnywesha mtoto mpaka yaishe kuyeyuka, na viwanja vingine huyakataa kwenye mkoba wa mkononi kwa kuwa mashine haisomi vizuri kitu kilichoganda. Ya friji unayatoa, unayanywesha.

Mama wa Bamburi anabeba chupa sita za mililita 120, jumla mililita 720. Mbona sita na safari ni ya saa 30? Kwa sababu barafu ni ya saa 24. Zile saa za mwisho ni za kopo. Nitairudia hesabu hiyo hapo mbele.

Kupakia

Mimina maziwa moja kwa moja ndani ya chupa ambazo mtoto atanywea, nyumbani, mikono ikiwa safi na chupa zimechemshwa. Ukibeba kwenye mifuko ya kuhifadhia, itabidi umimine kwenye treni inayotikisika, na kila kumimina ni nafasi ya uchafu kuingia. Funga chupa kwa kifuniko bapa, usiifunge na chuchu yake. Ndege ikipanda, shinikizo la hewa hupungua na chuchu huvuja, utakuta mkoba umelowa maziwa. Chuchu sita ziwe kwenye kopo dogo safi lililo kavu. Usijaze chupa hadi ukingoni.

Kwa nini chupa ndogo sita, isiwe chupa mbili kubwa? Ikiwa askari ataifungua moja na kuigusa mdomoni, umepoteza mlo mmoja. Vilevile mtoto akiacha nusu, unamwaga nusu ya mlo tu.

Kila chupa iwe na kibandiko: jina la mtoto, tarehe na saa ya kukamua, kiasi, na maneno ya kuonyesha kuwa ni maziwa ya mama, yaandikwe kwa Kiingereza pia. Karani wa usalama Doha hajui Kiswahili.

Mkoba wa baridi uwe mdogo, ule wenye kitambaa cha fedha ndani, unaojaa sawasawa. Nafasi tupu ni hewa ya moto. Pakiti moja ya barafu chini, chupa zisimame, pakiti nyingine pembeni, na nyingine juu, kwa kuwa baridi hushuka. Mapengo yazibe kwa leso kuukuu iliyokunjwa. Usifungue mkoba kuchungulia. Ukitaka kujua hali ya ndani, nunua kipimajoto kidogo cha friji chenye waya, kile ambacho skrini yake hukaa nje.

Kwa mkondo wa Miritini hadi Syokimau ongeza chupa ndogo mbili za maji yaliyogandishwa, zigusane na mkoba kwa nje, zote zikiwa ndani ya mfuko wa kubebea. Hizo zinachukua kipigo cha joto la kwanza, kisha utazitupa kabla ya kuingia JKIA, kwa sababu zikiyeyuka zinakuwa maji ya kawaida na hazipiti. Pakiti za jeli ndizo za ndegeni.

Unga nao una mtego wake. Usiutie kwenye mfuko wa plastiki usio na jina. Unga mweupe usiojulikana, ndani ya mkoba wa mtu anayetoka Mombasa kwenda ng'ambo: fikiria mwenyewe askari atawaza nini, na mbwa wake ataitwa. Beba kopo lenyewe dogo, lenye maandishi yake, kwenye mzigo wa mkononi. Kama unapenda vile vikopo vya kupimia vyenye vyumba, vipime nyumbani vikiwa vikavu kabisa, lakini kopo la asili liwe kando yake. Kopo la pili, ambalo halijafunguliwa, liende kwenye sanduku. Sitaji kopo la kampuni gani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inazuia kuyapigia debe maziwa haya, na mtoto wako tayari ana aina aliyoizoea. Safarini si mahali pa kumjaribia jipya.

Kipimo kifuate kopo. Likisema kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji, basi mlo wa mililita 120 ni vijiko vinne vilivyosawazishwa kwa kisu, si vilivyojaa kilima. Mama wetu anapima milo minne: miwili ya ratiba na miwili ya kuchelewa.

Mwisho, jaribu chupa yako ya chai. Isuuze kwa maji ya moto, ijaze kabisa maji yanayochemka, ifunge, ipime baada ya saa nane. Ikiwa chini ya nyuzi 70, haifai kwa safari hii, hata kama chai inatoka na mvuke. Zile ndogo za nusu lita mara nyingi hushindwa. Chupa isiyojazwa nayo hupoa upesi.

Pampu na betri zake hukaa kwenye mzigo wa mkononi. Betri za akiba za litiamu hazipelekwi kwenye buti la ndege.

Miritini

Ukaguzi wa stesheni ni wa mizigo, si wa maji. Mizigo hupangwa chini kwa mstari, mbwa wanainusa, kisha inapita kwenye skana. Usiupange mkoba wa maziwa juani, na usiuweke mwanzo wa mstari mrefu. Mshike mtoto, mwambie askari: «Kaka, huu una maziwa ya mtoto, naomba niusogeze kivulini baada ya mbwa kupita.» Kwa kawaida atakubali. Mionzi ya skana haiyadhuru maziwa, hupita tu na haiachi kitu ndani yake, kwa hiyo hakuna haja ya kuomba yapitishwe nje.

Mlo wa kwanza uwe baada ya ukaguzi, saa nane na nusu, mkiwa mmeketi. Maziwa ya mama yanaweza kunywewa baridi. Mtoto akikataa, simamisha chupa ndani ya kikombe cha maji ya moto kwa dakika chache, tikisa taratibu, dondosha tone ndani ya kifundo cha mkono. Utayakuta yamejitenga, mafuta juu na maji ya rangi ya samawati chini. Hiyo ni kawaida, yazungushe tu. Hata harufu ya sabuni kidogo ni ya kimeng'enya chake. Uchachu mkali ndio dalili ya kumwaga. Lakini harufu nzuri si hati ya usalama, saa ndiyo hati.

Mlo wa pili saa kumi na moja na nusu jioni ndani ya treni, wa tatu mkifika Syokimau karibu saa tatu kasorobo usiku. Mama akikamua njiani, maziwa hayo yasiingie kwenye mkoba pamoja na yale baridi, kwa kuwa yana joto la mwili na yataipa barafu kazi ya ziada. Mtoto anywe hayo kwanza, ndani ya saa mbili, na chupa moja ya baridi ibaki akiba. Asipokamua naye anaweza kuvimba maziwa, hata kupata homa, kwa hiyo asilipitishe hili.

Anayekwenda Nairobi kwa basi afanye hayohayo, ila asikubali mkoba uwekwe kwenye buti. Huko chini kuna joto la injini na la lami. Ukae miguuni mwake. Maji ya moto ya kopo atayapata Mtito Andei, na ayaone yakichemka kwa macho yake.

JKIA na Doha: kuwapunguzia kazi askari

Kanuni ya kwamba kila chombo cha majimaji kwenye mzigo wa mkononi kisizidi mililita 100 imekuwapo tangu mwaka 2006, baada ya njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji kugunduliwa Uingereza. Chakula cha mtoto kimeachiwa mlango: kinaruhusiwa kuzidi, kwa kiasi kinachohitajika safarini, ila kitakaguliwa peke yake. Neno zito ni «kinachohitajika safarini». Ndiyo maana ratiba inatumia majimaji kwanza. Mama alitoka Bamburi na chupa sita. Anapofika kwenye ukaguzi wa JKIA zimebaki tatu, mililita 360, na ndege ya usiku kucha mbele yake. Hakuna askari atakayebisha hesabu hiyo. Akifika ukaguzi wa Doha, imebaki moja. Angepanga kopo kwanza na maziwa ya mama baadaye, angefika Doha na mzigo wa majimaji wa kujibia maswali.

JKIA utakaguliwa zaidi ya mara moja: abiria hushuka kwenye gari kabla ya jengo, kisha mlangoni, kisha kuelekea kupanda. Kila mara fanya mambo matatu kabla hujaulizwa. Utoe mkoba wa baridi nje ya mzigo, uuweke kwenye trei yake peke yake, na useme. Mazungumzo huwa hivi:

«Mama, humu mna nini?»

«Maziwa ya mtoto huyu, chupa tatu, na barafu ya kuyapoza. Hili ni kopo lake. Chupa ya chai ni tupu, tazama.»

Chupa ya chai ipite tupu. Katika nchi nyingine maji ya mtoto huruhusiwa, lakini maji ya moto ni kitu ambacho kila kituo kina maoni yake, na si vita vya kupigana wakati unaweza kuijaza upande wa pili.

Askari akitaka kuhakikisha, kwa kawaida atapangusa nje ya chupa kwa kijitambaa na kukitia kwenye mashine, au ataiweka chupa nzima ndani ya mashine ya kukagua vinywaji. Pengine atashikilia karatasi ya kupimia juu ya mdomo wa chupa iliyofunguliwa, anapima mvuke. Hapo mwombe kwa upole abadilishe glavu, na uifungue wewe. Asitumbukize chochote. Kama kitu kimegusa maziwa, chupa hiyo isimfikie mtoto, hata kama umeambiwa ni sawa. Ukitakiwa kuonja, unaweza kuomba yapimwe kwa njia nyingine, na kama ni lazima, mimina tone mkononi uonje hapo, usionje kwenye chupa.

Pakiti za jeli ziwe bado ngumu, au angalau na barafu kati. Zilizoyeyuka kuwa uji ndizo zinazoleta ubishi. Ukikataliwa jambo, mwite msimamizi wake, usimjibu yeye kwa sauti ya juu. Kuwa na ukurasa wa kanuni za kiwanja na wa shirika lako la ndege uliochapishwa kwenye karatasi, kwani simu huzimika.

Mlo wa nne mpe ndege ikipaa, saa saba na nusu usiku hivi. Kumeza humsaidia masikio. Wa tano saa kumi na moja alfajiri ikishuka Doha. Saa ya Doha ni sawa na ya Nairobi, kwa hiyo hesabu haivurugiki. Wa sita ni ndege ikipaa tena, saa tatu asubuhi. Tangu saa sita mchana wa jana hadi hapo ni saa 21, ndani ya zile 24 za barafu. Mhudumu wa ndege anaweza kukujazia barafu kwenye mfuko wa zipu, uulaze juu ya chupa iliyofungwa.

Ndege ya Nairobi ikichelewa saa nne je? Chupa ya sita itavuka saa sita mchana bila barafu mpya. Kama kipimajoto hakijapita nyuzi 4, au pakiti bado zina barafu ngumu, mpe mtoto kabla ya saa hiyo hata kama si wakati wake. Kama pakiti zote ni maji na mkoba hauna ubaridi ukiugusa ndani, mwaga. Inauma, najua kazi ya kuikamua. Ndiyo kazi ya ile milo miwili ya akiba.

Maji ya moto na mlo wa angani

Baada ya ukaguzi wa Doha, nenda kwenye mkahawa, uombe maji yaliyochemka kutoka kwenye birika. Usichukue yale ya bomba la mashine ya kahawa yaliyotulia. Suuza chupa ya chai kwa maji hayo, yamwage, kisha uijaze pomoni. Maji ya ndegeni hutoka kwenye tangi, hayajulikani yamekaa siku ngapi wala yamefika joto gani, kwa hiyo yaache kwa chai yako.

Saa sita na nusu mchana, kabla taa ya mkanda haijawaka na mtoto akiwa mikononi mwa mtu mwingine au kwenye kitanda chake, mimina mililita 120 za maji ya moto ndani ya chupa safi, tia vijiko vinne, funga, zungusha mpaka uvimbe uishe. Maji kwanza, unga baadaye, ndipo kipimo kinakuwa sahihi. Kisha ilaze chupa ndani ya mfuko wa barafu, kifuniko kikiwa juu, dakika kadhaa, uijaribu kwenye kifundo. Usimwage maji ya baridi ndani ili kuipoza. Ndege ikitikisika, subiri. Mtoto analia njaa dakika kumi bila kudhurika, lakini maji ya nyuzi 80 humdhuru kwa sekunde.

Mlo wa pili wa kopo ni saa tisa na nusu, ndege ikianza kushuka London. Baada ya hapo ni jikoni kwa dada yake.

Forodha ya Uingereza huwazuia wageni kuingiza nyama na bidhaa za maziwa kutoka nchi zetu, ila maziwa ya unga ya mtoto yameachiwa hadi kilo 2, mradi ni bidhaa ya kiwandani isiyohitaji friji kabla ya kufunguliwa, na kopo limefungwa au ndilo linalotumika. Kopo la sanduku na kopo la mkononi kwa pamoja yasizidi kiasi hicho.

Kwenye kurudi mambo yanabadilika kidogo. Uingereza huruhusu maziwa ya mama kwenye mzigo wa mkononi, kila chombo hadi mililita 2,000, hata kama mtoto hayuko nawe. Lakini yaliyogandishwa hayaruhusiwi mkononi, huenda kwenye buti tu. Maziwa ya kopo na maji ya mtoto huruhusiwa ikiwa mtoto yupo. Huko pia yanauzwa maziwa ya mtoto yaliyo tayari, yaliyofungwa kwenye vichupa bila kuhitaji maji wala friji. Ni ghali, lakini vichupa vitatu vya hayo huiondoa kabisa chupa ya chai kwenye safari ya kurudi. Vinunue duka la dawa mjini, na usitegemee kuvikuta baada ya ukaguzi.